Kikaseti bado kinaonyesha erlikia miezi minne baada ya tiba: je, mbwa amepona?

*Daktari, mbwa wangu ni wa ulinzi, ana miaka minne na kilo 28, tunakaa Kisauni. Mwezi wa pili alishikwa na homa, akaacha kula, kisha damu ikamtoka puani. Maabara ya kwanza iliangalia damu yake kwa hadubini ikaandika "hakuna vimelea". Kliniki ya pili ilitumia kile kikaseti cha haraka ikasema ana erlikia, na chembe sahani zake zilikuwa 38,000. Alipewa doksisaiklini ya miligramu 100, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 28, akapona. Juzi, miezi minne baada ya dawa kwisha, chembe sahani ni 245,000 lakini kikaseti bado kinasema anao ugonjwa. Muuza dawa za mifugo ananishauri nimchome ile sindano ya nagana ya ng'ombe ili yaishe. Nifanyeje? Ninaye pia mbwa mdogo ambaye hana dalili yoyote.*

Ndugu msomaji, usimchome sindano hiyo, na usianze kumpa doksisaiklini upya kwa sababu ya mstari wa kikaseti peke yake. Kwa maelezo uliyoyatoa, yaelekea sana kwamba mbwa wako amepona. Hata hivyo kuna jambo moja katika tiba yake, yaani dozi aliyopewa, ambalo linanizuia kukuhakikishia hivyo, na ndiyo sababu nitakushauri atolewe damu tena kabla hujalifunga jalada lake.

Kikaseti ulichoonyeshwa hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili wa mbwa huzitengeneza baada ya kukutana na bakteria, na protini hizo hubaki katika damu muda mrefu baada ya bakteria mwenyewe kuondoka. Kwa erlikia wa mbwa, bakteria anayeletwa na kupe, ambaye kwenye karatasi ya maabara utamwona ameandikwa *Ehrlichia canis*, mbwa wengi waliotibiwa vizuri huendelea kutoa jibu chanya kwa miezi sita, mwaka, na wengine hata zaidi. Kwa hiyo jibu chanya katika mwezi wa nne si ajabu. Ningeshangaa zaidi kama mstari ungekuwa umeshafutika. Kikaseti kingejibu vivyo hivyo kwa mbwa anayeumwa leo, kwa mbwa aliyepona mwaka jana, na kwa mbwa ambaye bakteria amejificha mwilini mwake bila dalili. Wanaotumia kipimo hicho kuamua kama tiba imefaulu wanakiuliza swali ambalo hakina jibu lake.

Kipo kipimo cha kingamwili cha aina nyingine, kinachofanywa katika maabara kubwa, ambapo maji ya damu huchanganywa na kuzimuliwa hatua kwa hatua na kutazamwa chini ya hadubini ya mwanga maalumu ili kujua ni hadi uzimuaji gani kingamwili bado zinang'aa. Jibu huandikwa kama 1:80, 1:320 na kuendelea, na kwa kawaida 1:80 na kupanda huhesabiwa kuwa mbwa amewahi kukutana na bakteria. Faida yake ni kwamba unaweza kulinganisha damu mbili: kiwango kikipanda mara nne, tuseme kutoka 1:80 hadi 1:320, katika wiki mbili hivi, basi maambukizi yanaendelea sasa. Kiwango kimoja peke yake, hata kikiwa kikubwa namna gani, hakithibitishi hilo. Vilevile kingamwili huchelewa kutokea. Mbwa aliyeambukizwa anaweza kuwa na homa kali huku kikaseti kikisema hana kitu, kwa sababu mara nyingi wiki mbili hivi hupita tangu kupe amwume hadi kingamwili zitoshe kuonekana. Jibu hasi katika siku za kwanza za homa lisimfanye mtu arudi nyumbani akiwa ametulia.

Kama si kikaseti, basi ni nini kinachotuonyesha hali ya mbwa wako? Ni ile hesabu ya chembe sahani, ambayo umeitaja kwa kupita tu. Chembe sahani ndizo zinazoanza kuziba tundu mshipa unapopasuka, na kwa mbwa mzima huwa kati ya 200,000 na 500,000 hivi katika mikrolita moja ya damu. Katika erlikia mwili huziharibu na bandama huzizuilia, hivyo zikashuka hadi 38,000 na damu ikatoka puani. Tiba inapofanya kazi, chembe hizo huanza kupanda katika siku chache, na kwa mbwa aliye katika hatua ya mwanzo ya ugonjwa hurudi mahali pake ndani ya wiki mbili hivi. Mbwa wako leo ana 245,000, miezi minne bila dawa, na anakula. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa ya kuamini kwamba amepona.

Sasa nije kwenye dozi. Kinachopendekezwa kwa erlikia ni miligramu 10 za doksisaiklini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ama kwa mara moja ama zikigawanywa asubuhi na jioni, kwa siku 28. Mbwa wa kilo 28 anahitaji miligramu 280, yaani vidonge vitatu vya miligramu 100. Wako alipewa viwili, ambavyo ni kama miligramu 7 kwa kilo. Nadhani aliyeandika alifuata desturi ya binadamu ya kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, jambo ninaloliona mara kwa mara katika karatasi zinazoletwa kwangu. Dozi hiyo si ndogo kiasi cha kushindwa moja kwa moja, na mbwa wako aliitikia vizuri, lakini erlikia ana tabia ya kujificha katika bandama na katika uboho wa mifupa, na mbwa anaweza kuonekana mzima kwa miezi au hata miaka kabla ugonjwa haujarudi katika hatua yake ya mwisho, ambapo uboho unaacha kutengeneza chembe za damu za kila aina. Mbwa aliyefikia hatua hiyo ni vigumu sana kumwokoa.

Kwa sababu hiyo ninataka apimwe kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe. Damu itolewe katika chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani yake mna EDTA ya kuzuia damu isigande, iwekwe kwenye friji wala si kwenye sehemu ya kugandishia, na ipelekwe ikiwa imezungukwa na barafu, kwa maana joto letu la Mombasa huiharibu damu upesi ikiachwa juu ya kiti cha gari. Mbwa asiwe ameanza dawa yoyote kabla ya kutolewa damu hiyo, kwani dozi chache tu za doksisaiklini hutosha kumfanya bakteria asipatikane kwenye damu hata kama hajaisha mwilini. PCR ikiwa chanya, basi anayo maambukizi, na atibiwe tena kwa siku 28 kwa dozi kamili ya miligramu 300, akipewa pamoja na chakula na maji ya kutosha ili kidonge kisimkwame kooni na kumchoma. Ikiwa hasi, na chembe sahani ziko sawa, ningerudia PCR na hesabu ya damu baada ya miezi miwili, kwa kuwa bakteria aliyejificha kwenye bandama anaweza asionekane katika damu ya siku moja, na majibu yakiwa hayo hayo ningemwacha. Katika hali hiyo kikaseti kisirudiwe kabisa, maana kitawatia wasiwasi bure.

Umeuliza pia, ingawa si waziwazi, kwa nini maabara ya kwanza haikuona kitu. Sidhani kuwa walifanya uzembe. Erlikia huishi ndani ya chembe nyeupe ziitwazo monositi, akijikusanya kuwa kijirundo kidogo chenye rangi ya zambarau, na kijirundo hicho huonekana kwa hadubini katika mbwa wachache sana, kama 4 katika 100 walio katika hatua kali, tena kwa siku chache tu. Nafasi huongezeka kidogo damu ikizungushwa kwenye mashine na slaidi ikatengenezwa kutokana na lile tabaka jembamba jeupe linalokaa juu ya chembe nyekundu. Kwa vyovyote vile, maneno "hakuna vimelea" kwa mbwa anayeshukiwa erlikia yana uzito mdogo mno, na ningependa maabara ziyaandike kwa namna nyingine: "havikuonekana".

Kwa babesia, kimelea mwingine anayeletwa na kupe, mambo ni tofauti, na hapo slaidi ina heshima yake. Babesia huishi ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, hivyo ufizi wa mbwa hupauka au kuwa wa manjano, na katika hali mbaya mkojo hutoka na rangi ya chai ya mkandaa. Wapo babesia wa namna mbili wakubwa wanaotuhusu Afrika. Mmoja, *Babesia vogeli*, huletwa na kupe yuleyule wa kahawia anayeleta erlikia, na kwa mbwa mzima mara nyingi huwa mpole, ingawa huwaua watoto wa mbwa. Mwingine, *Babesia rossi*, huletwa na kupe wa jamii nyingine na anaweza kumuua mbwa mwenye nguvu katika siku chache. Wote wawili huonekana kama vitone vyenye umbo la tone la maji, mara nyingi viwili viwili ndani ya chembe moja. Kwa kuwa kupe mmoja anaweza kumwachia mbwa magonjwa mawili kwa mpigo, slaidi hutengenezwa hata pale kikaseti kinapokuwa kimeshatoa jibu la erlikia.

Ila slaidi nzuri inahitaji mkono. Kwa babesia mimi hupendelea damu ya mishipa midogo ya ncha ya sikio kuliko ile ya mguuni, kwa sababu chembe zilizobeba vimelea hukwama humo. Tone dogo huvutwa kwa slaidi ya pili iliyoinamishwa hadi utando uishe kwa ukingo mwembamba, na ukingo huo pamoja na pande za utando ndiyo mahali pa kutafuta, maana chembe zenye vimelea husukumwa huko damu inapovutwa. Mtu anayetazama katikati tu anaweza kuandika "hakuna" huku vimelea vikiwa vimejaa pembeni. Hapa pwani kuna adha ya ziada, ambayo waliosomea bara huchelewa kuielewa: unyevu wa hewa. Slaidi ikikauka polepole, au methanoli ya kuifanyia ukazo ikiwa imevuta maji kwa sababu chupa huachwa wazi, chembe nyekundu hupata vitundu vinavyometameta ambavyo macho yasiyozoea huvihesabu kuwa vimelea. Slaidi ipungwe hewa mara moja hadi ikauke, na ukisogeza kwa upole skurubu ya kurekebisha picha ukaona kitone kinametameta na kubadilika, hicho ni maji, si babesia. Chembe sahani iliyolala juu ya chembe nyekundu nayo hudanganya, lakini hiyo huwa na duara jeupe kuizunguka. Punje za rangi ya Giemsa iliyochakaa hukaa juu ya chembe na hata nje ya chembe, ilhali babesia yumo ndani siku zote.

Kuna faida nyingine ya slaidi ambayo ingeweza kumsaidia mbwa wako tangu siku ya kwanza. Chembe sahani huhesabika hapo hapo. Kwa lenzi ya mafuta, tazama maeneo kumi ambamo chembe nyekundu zimekaa bila kulaliana, tafuta wastani wa chembe sahani katika kila eneo, kisha uzidishe kwa 15,000. Mbwa mzima huwa na kumi au zaidi kwa kila eneo. Wako, akiwa na 38,000, angeonyesha mbili au tatu tu. Mtaalamu aliyeandika kwamba hakuna vimelea angeweza kuongeza mstari mmoja kwamba chembe sahani ni chache mno, na mbwa mwenye homa na chembe sahani chache katika mji huu hushukiwa erlikia mpaka ithibitike vinginevyo. Sharti moja tu: kabla ya kuhesabu, tazama ukingo wa utando kama chembe sahani zimeshikana mafungu. Zikishikana, mashine huzikosa na kutoa hesabu ya chini isiyo ya kweli, na nimewahi kuletewa mbwa mzima kabisa mwenye "chembe 60,000" ambaye kwenye slaidi alikuwa na mafungu kila upande.

Kuhusu ile sindano. Dawa ya nagana inayouzwa madukani kwa pakiti za unga wa manjano ni diminazini. Haimuui erlikia hata kidogo. Huua babesia, na mbwa wako hana dalili ya babesia. Dozi ya mbwa ni miligramu 3.5 kwa kilo, mara moja, na nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni ndogo mno. Pakiti ya kawaida imekusudiwa ng'ombe wa kilo 300, kwa hiyo mbwa wako angehitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichomo, na anayekisia kwa jicho hukosea kwa urahisi. Mbwa aliyezidishiwa huanza kupepesuka siku moja au mbili baadaye, macho yakichezacheza, kisha shingo ikakakamaa kuelekea nyuma, kwa sababu ubongo unavuja damu, na hakuna dawa ya kuigeuza hali hiyo. Hata imidokabu, ambayo kwa babesia ninaiona kuwa salama zaidi, haina kazi ya maana kwa erlikia. Muuza dawa ana nia njema, lakini anatibu ugonjwa usiokuwapo.

Kinachonitia shaka zaidi kuliko mstari wa kikaseti ni kupe walioko nyumbani kwako. Mbwa aliyepona erlikia hapati kinga ya kudumu. Akiumwa tena na kupe mwenye bakteria ataugua tena, na kikaseti hakitakuambia kama ni ugonjwa mpya au wa zamani. Kupe wa kahawia haishi porini kama wale wa ng'ombe. Hukaa na mbwa, hushuka akishiba, hupanda ukutani, na jike hutaga mayai kwa maelfu katika nyufa, na kuta zetu za mawe ya matumbawe zina nyufa za kumtosha. Hapa hakuna msimu wa baridi wa kumpumzisha, hivyo kizazi kinaweza kukamilika katika miezi miwili au mitatu mwaka mzima. Ziba nyufa za banda kwa saruji, choma moto matandiko ya zamani, na nyunyiza dawa ya kupe ukutani na darini mara kadhaa kwa kuachanisha wiki chache, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa hiyo. Vidonge vya kisasa vya kupe, vya mwezi mmoja au vya miezi mitatu, huua kupe baada ya kuuma, na erlikia anaweza kupita ndani ya saa chache tu tangu kuumwa. Kwa hiyo vidonge hupunguza sana hatari lakini haviifuti. Dawa za matone zenye permethrini hufukuza kupe kabla hajauma, na ningekushauri uzitumie, isipokuwa kama mna paka, kwani permethrini ya mbwa humuua paka hata kwa kumlamba au kulala karibu na mbwa aliyepakwa, na mitaa yetu ina paka wa kila nyumba na wa nyumba ya jirani.

Mbwa mdogo ameishi na kupe wale wale, na kukosa dalili hakumwondolei shaka, maana hiyo ndiyo sura ya erlikia aliyetulia. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo mnayomtoa mkubwa damu. Kwake yeye kikaseti kina maana, kwa kuwa hajawahi kupimwa wala kutibiwa: kikiwa hasi, rudieni baada ya wiki tatu, kikiwa chanya, msikimbilie dawa kabla ya kuona chembe sahani zake na PCR. Zikiwa chini ya kawaida au PCR ikimpata bakteria, apimwe uzito kwa mizani, si kwa kukadiria, na dozi ihesabiwe kwa uzito huo.